Herufi kumi hazitoshi kuandika "idadi ya miche": Shapefile au GeoPackage?

"Tumemaliza kupima vitalu vyetu vya mikoko huku Tongoni. Ofisi inayopokea ramani imezoea Shapefile, vijana wanaopima kwa simu wanaleta GeoPackage. Data yenyewe tuitunze katika muundo upi?"

Shapefile ina haki yake, na haki hiyo si ndogo. Kampuni ya Esri ilichapisha maelezo ya muundo wake mwaka 1998, na hadi leo ni vigumu kupata programu ya ramani isiyousoma. Ukimpelekea mtu Shapefile humuulizi kwanza ana programu gani wala ya mwaka gani. Kwa ofisi yenye kompyuta za umri mbalimbali, hilo ni jambo la maana, na ninaelewa kwa nini wanaing'ang'ania.

Ila sifa hizo zote ni za kupokelea na kupelekea. Kutunza ni kazi nyingine, na hapo ndipo Shapefile inapotuumiza sisi tunaoandika Kiswahili.

Jedwali la Shapefile hukaa katika faili la .dbf, muundo wa zamani wa dBase, na humo jina la safuwima halizidi herufi 10. Wengi wanalijua sharti hili na wanaliona dogo: si unafupisha tu? Tatizo ni namna lugha yetu inavyopanga maneno. Kiingereza mara nyingi hutanguliza sifa, kwa hiyo hata jina likikatwa mkia, neno linalotofautisha limeshaandikwa. Sisi tunaanza na jumla: idadi ya, jina la, tarehe ya. Kinachotenganisha safuwima moja na nyingine kinakuja mwisho, na mwisho ndio unaokatwa.

Chukua fomu ya vitalu yenye safuwima tatu: idadi_ya_miche_iliyopandwa, idadi_ya_miche_iliyokufa na idadi_ya_miche_hai. Zigeuze kuwa Shapefile kwa amri hii:

```
ogr2ogr -f "ESRI Shapefile" vitalu.shp mikoko.gpkg vitalu
```

Majina yote matatu yakikatwa kwenye herufi ya kumi yanakuwa idadi_ya_m. Jedwali haliwezi kuwa na majina matatu yanayofanana, kwa hiyo programu inaacha la kwanza hivyo hivyo, na yanayofuata inayapunguza hadi herufi nane na kuyabandika alama ya _ na namba. Kwenye skrini utaona hivi:

```
Warning 6: Normalized/laundered field name: 'idadi_ya_miche_iliyopandwa' to 'idadi_ya_m'
Warning 6: Normalized/laundered field name: 'idadi_ya_miche_iliyokufa' to 'idadi_ya_1'
Warning 6: Normalized/laundered field name: 'idadi_ya_miche_hai' to 'idadi_ya_2'
```

Onyo hilo analiona aliyetoa amri. Aliyepokea faili haoni kitu. Anakuta idadi_ya_1 na idadi_ya_2 zimejaa namba, zote zikionekana za maana. Tuseme kitalu kimoja kilipandwa miche 1,200, ikafa 450, ikabaki 750. Akisoma sawasawa anapata kwamba iliyo hai ni asilimia 62.5. Akizibadilisha safuwima mbili hizo anapata asilimia 37.5, na kitalu kilichofanikiwa kinaandikwa kuwa kimeshindwa. Hakuna kitakachomshtua, kwa sababu 450 ni hesabu ya kawaida kabisa ya miche.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni hili: namba 1 na 2 hutolewa kwa kufuata mpangilio wa safuwima. Msimu ujao mtu akiihamisha miche hai juu ya iliyokufa kwenye fomu, idadi_ya_1 itabadili maana. Atakayeunganisha faili la mwaka huu na la mwaka ujao ataona majina yanafanana, atayaunganisha, na miche iliyokufa itachanganywa na iliyo hai ndani ya safuwima moja. Kulirudisha hilo nyuma baada ya miaka miwili, bila fomu za karatasi, ni karibu haiwezekani.

Pengo jingine linatoka mle mle kwenye .dbf. Kitalu ambacho maji yalikuwa yamejaa hamkuweza kukihesabu, kwa hiyo mliacha nafasi wazi. Kuna programu ambazo zikiandika Shapefile hugeuza nafasi hiyo kuwa 0. "Hatujahesabu" inakuwa "imekufa yote".

GeoPackage haina matatizo haya mawili. Ni hifadhidata ya SQLite ndani ya faili moja la .gpkg, jina la safuwima linakaa lote, na nafasi tupu inabaki tupu. Faili hilo moja linabeba vitalu, njia za maji na mipaka ya kijiji pamoja, na mfumo wa majiranukta unasafiri nayo. Shapefile hubeba mfumo huo katika kifaili cha .prj, na mtu anayetuma kwa WhatsApp .shp, .shx na .dbf akasahau hicho cha nne anampa mwenzake ramani inayofunguka vizuri lakini haijui iko wapi. Kwetu Tanzania kosa la kukisia si dogo: ukichukua Arc 1960, mfumo wa ramani zetu za zamani, mahali pa WGS 84, kila kitu kinasogea karibu mita 300. Kwa ukanda mwembamba wa mikoko, hizo zinatosha kuihamishia baharini.

Wanaoiogopa GeoPackage huniambia, "Faili moja likiharibika, vyote vimekwenda." Ni kweli, na dawa yake ni nakala. Lakini kunakili kwenyewe kuna mtego ambao watu hawaambiwi. QGIS ikiwa imefungua mikoko.gpkg, pembeni yake hutokea mikoko.gpkg-wal na mikoko.gpkg-shm. Mabadiliko mliyohifadhi dakika tano zilizopita yanaweza kuwa bado yamo katika -wal. Ukinakili .gpkg peke yake kwenye flashi wakati huo, unaondoka na data ya zamani huku ukiamini umebeba mpya. Funga QGIS kwanza, tazama folda. Vifaili hivyo viwili vikishatoweka, nakili. Vikibaki, kuna programu bado imelishika faili.

Kwa sababu hiyo hiyo msiiweke kwenye folda ya mtandao ikafunguliwa na watu watatu kwa pamoja. SQLite humruhusu mwandishi mmoja kwa wakati, na utaratibu wa -wal haukutengenezwa kwa diski ya mtandao. Shapefile nayo haina ulinzi wa watu kuhariri pamoja, kwa hiyo kuirudia hakutawaokoa.

Basi tunzeni katika GeoPackage, majina yenu ya Kiswahili yakae mazima. Ofisi ikitaka Shapefile, itoeni siku hiyo, na majina mafupi myachague ninyi, msiiachie programu:

```
ogr2ogr vitalu.shp mikoko.gpkg -sql "SELECT geom,
idadi_ya_miche_iliyopandwa AS miche_pand,
idadi_ya_miche_iliyokufa AS miche_kufa,
idadi_ya_miche_hai AS miche_hai FROM vitalu"
```

Badilisheni geom kama safuwima yenu ya umbo ina jina jingine. Onyo la "laundered" likitokea hata mara moja, kuna jina limezidi herufi 10. Rekebisheni kabla ya kutuma. Vitalu ambavyo havikuhesabiwa viorodhesheni katika barua, kisha wekeni vifaili vyote vya vitalu, .prj ikiwemo, ndani ya zip moja.