Data hii au data hizi?

"Niliandika 'data zimekamilika' kwenye barua pepe ya ofisi, mkuu wangu akasahihisha iwe 'data imekamilika'. Nani yuko sahihi?"

Kisarufi nyote wawili mko sahihi, ila hamkusema jambo lilelile.

Mtetezi wa "zimekamilika" huanza na asili. Neno hili limetufikia kutoka Kilatini kupitia Kiingereza, na kwa Kilatini ni la wingi. Umoja wake ni datum. Hoja hiyo peke yake hainishawishi, kwa sababu neno likihama haliji na sarufi ya kwao. Malaika kwa Kiarabu ni wingi, na umoja wake ni malak, lakini sisi husema malaika mmoja, malaika wawili, wala sijaona mtu akisahihishwa kwa hilo. Hoja yake yenye nguvu zaidi iko hapahapa nyumbani: data hukaa jirani na takwimu, na takwimu tumezoea kusema "zinaonyesha". Sikio lililozoea hivyo litataka data nazo zionyeshe.

Mkuu wako naye anaiona data kama sukari: kitu kisichohesabika, kikiwa kwenye gunia ni kimoja tu. Ngeli ya I-ZI inamruhusu, kwa kuwa nomino yenyewe haibadiliki. Hata kivumishi hakimsaidii msomaji. "Data nyingi" haithibitishi wingi, maana tunasema pia "sukari nyingi imemwagika". Idadi inajulikana kwenye maneno machache tu: hii au hizi, ya au za, yote au zote, na kiambishi cha kitenzi. Huko ndiko barua pepe nyingi huharibika. Tazama hii:

"Data hii ilikusanywa katika kaya 240. Zimehakikiwa na ziko tayari, isipokuwa data ya kaya 12 ambazo hazijajazwa umri."

Sentensi ya kwanza inazungumzia mkusanyo mmoja, ya pili inageuka kuhesabu. Kibaya zaidi, "ambazo hazijajazwa umri" inaweza kushika kaya au data, na msomaji hajui kilichobaki wazi ni nini. Mimi ningeandika: "Data yote ya kaya 240 imehakikiwa, isipokuwa fomu 12 ambazo hazijajazwa umri." Mkusanyo umebaki umoja, na kinachohesabika kimepewa jina lake. Ukiwa na seti mbili, ya Januari na ya Juni, hapo "data hizi mbili" inafaa kabisa. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetumia "taarifa" badala ya "data", na kwenye barua za kiofisi neno hilo mara nyingi linatosha. Madata tuwaachie vijana na vifurushi vyao vya intaneti.

Katika maneno mengine ya kigeni yenye utata kama huu wa umoja na wingi, ajenda ndiyo inayonipendeza zaidi. Kwa Kiingereza cha leo, neno hilo ni orodha nzima ya kikao. Katika mihtasari yetu mambo ni tofauti: Ajenda ya 1, kufungua kikao; Ajenda ya 2, kuthibitisha muhtasari uliopita; kisha yatokanayo, na mwishoni mengineyo. Ajenda kwetu ni jambo moja la kujadiliwa, na kikao kina ajenda tano au sita. Kwa hiyo anayeandika "nimeambatisha ajenda ya kikao" huenda anafikiria orodha, na mjumbe aliyezoea mihtasari akafungua kiambatisho akitarajia jambo moja. "Ajenda za kikao" inaondoa utata huo. Wapo watakaosema "ajenda ya kikao" nayo imeshazoeleka, na ni kweli. Mimi naikubali pale tu ambapo hakuna namba zinazofuata.

Kwa criteria sioni sababu ya kuhangaika, maana kigezo na vigezo vipo, na KI-VI inaonyesha idadi kwenye neno lenyewe. Matangazo ya redio yameshatuzoesha "vigezo na masharti kuzingatiwa". Kosa ninalokutana nalo ni "kigezo cha uteuzi ni hivi vifuatavyo", ambalo ni la haraka kuliko la kutojua.

Media ina hatari ya pekee. "Tumealika media tano" ni vituo vitano au waandishi watano? Kituo kimoja kinaweza kuleta mwandishi, mpiga picha na dereva, na bajeti ya chakula ikafuata hesabu isiyo sahihi. Andika "vyombo vya habari vitano", au "waandishi wa habari watano", kulingana na unachomaanisha. Na ukikusudia mitandao ya kijamii, itaje kwa jina hilo, maana mwenye akaunti ya Instagramu si lazima awe chombo cha habari.

Kuhusu barua yako: kama ulikuwa na faili moja, masahihisho ya mkuu yabaki. Kama zilikuwa seti za wilaya tatu, mrudishie "zimekamilika", na uzitaje hizo wilaya.