Kikoba Kilichokaribia Kuvunjwa na Neno "Vibaya"

Kwanza niwaambie wale mlioletewa ile sauti ya WhatsApp: sikutaka kukimbia na kasha. Kasha la kikoba chetu lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti, hata kama ningetaka ningekimbia na bati tu. Jamaa aliyeisambaza anaongeza chumvi mpaka mboga hailiki. Acha nisimulie mwenyewe, maana aibu hii bado ina joto.

Mimi ndiye katibu. Miaka yote katibu wa kikoba anasoma hesabu kwenye daftari: mwezi fulani kiasi fulani, wanakikundi wanasema "eeh", mama ntilie anapakua wali, tunaondoka. Mwaka huu nikaona tuwe wa kisasa. Nilishajifunza Excel kidogo, na lugha nilikuwa nayo, kwa sababu mimi taarifa za habari za biashara huwa sipitwi. "Ilipanda kwa kasi." "Iliporomoka." "Ilibaki tulivu." Maneno matamu yale! Ukiyatamka unahisi umevaa tai.

Basi nikaandika taarifa ya Julai hadi Novemba, nikaipeleka steshenari, ikachapwa kwa rangi, nakala kwa kila mtu. Na mnajua Novemba kwenye kikoba ni mwezi gani. Desemba tunavunja, kila mtu anahesabu mgawo wake kichwani, kuna mabati yameshachaguliwa dukani na kuna ada za Januari zinasubiri. Hapo mtu ukikohoa karibu na kasha watu wanageuka.

Nikaanza na mchoro wa akiba. Mstari wa bluu, mzuri ajabu. Kuanzia Julai unakwenda juu juu, Oktoba uko kileleni, halafu Novemba unadondoka kama nazi. Oktoba tulikusanya shilingi 2,420,000 na Novemba 2,390,000. Mniangalie vizuri: namba hizo nilikuwa nazo. Nilizichapa kwa vidole vyangu. Lakini nilipokaa kuandika maelezo sikuangalia namba, niliangalia mstari. Mstari ulikuwa umedondoka, nami nikaandika nilichokiona, kisha nikasimama mbele za watu nikakisoma kwa sauti ile ya saa mbili usiku:

"Mwezi Novemba, akiba ya kikundi iliporomoka vibaya."

Mama muuza samaki alikuwa anajipepea kwa ile taarifa. Akaacha kujipepea. Akaigeuza karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kidole chake kikapanda na mstari mpaka Oktoba, kikateremka nao mpaka Novemba, kikabaki pale chini kinatetemeka. Mtoto mmoja akalia, akanyonyeshwa haraka. Nikasikia mtu nyuma ananong'ona "ameila", na mwingine anamjibu "si peke yake". Mimi, kwa akili zangu, nikadhani ukimya ule ni wa kupendezwa na uandishi. Nikairudia sentensi!

Hapo ndipo mama akasimama. "Mweka hazina, lete kasha. Tunavunja leo."

Wenye funguo wawili walishasimama. Wa tatu alikuwa msalani, na huyo ndiye aliyeokoa kikundi, ingawa mwenyewe hajui mpaka leo.

Tunaye mwalimu mstaafu wa hisabati, mzee wa maneno machache. Akaweka miwani, akaitazama karatasi kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama swaumu, kisha akauliza, "Katibu, huu mhimili wa wima unaanzia ngapi?"

Nikamwambia unaanzia chini, mwalimu.

"Chini ngapi?"

Nikatazama. Pale chini, kwa maandishi madogo kama ya masharti ya mkopo, palikuwa pameandikwa 2,375,000. Haikuwa sifuri. Mwalimu akaeleza taratibu ili kila mtu asikie. Ukitoa hapo chini, Oktoba iko juu kwa 45,000 na Novemba iko juu kwa 15,000. Kwa hiyo kwenye karatasi Novemba inaonekana theluthi moja tu ya Oktoba, na mtu yeyote mwenye macho ataamini theluthi mbili za pesa zimeyeyuka. Kumbe kilichopungua ni 30,000 katika milioni mbili na ushee.

Watu hawakuelewa. Nusu yao bado walikuwa wanatazama kasha. Mwalimu akamwita fundi cherehani, "Mwanangu, hiyo tepu iliyoko shingoni." Akaivuta yote, sentimita 150, mtu mmoja akashika mwisho huku na mwingine kule. "Hii ndiyo akiba ya Oktoba," akasema. Akapiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja: 30,000 kwa 2,420,000 ni kama asilimia moja na robo hivi. Kisha akabana ncha ya tepu kwa vidole viwili. Kilichobanwa hakikufika sentimita mbili. "Na huku ndiko kuporomoka kwa katibu."

Fundi akaangalia kile kipande. "Mwalimu, mimi nikikosea hivi kwenye gauni, mteja anavaa na kunishukuru."

Wakacheka. Walicheka kwa muda mrefu, ndugu zangu, na kicheko cha watu waliokuwa tayari kukuua kina uzito wake. Mweka hazina naye akafungua daftari, ikaonekana ile 30,000 yenyewe ni hisa tatu za shilingi 10,000 za mwenzetu mmoja aliyekuwa amejifungua. Yaani nilichokiita kuporomoka vibaya kilikuwa kinanyonya pale pale mstari wa pili.

(Kwa wanaouliza ilikuwaje Excel ianzie huko: ni tabia yake. Namba zikikaribiana sana, tofauti ya namba kubwa kabisa na ndogo kabisa ikiwa chini ya kama sehemu moja ya sita ya ile kubwa, yenyewe inaacha kuanzia sifuri ili mstari uonekane. Bonyeza mhimili kwa kitufe cha kulia, chagua Format Axis, pale kwenye Minimum andika 0. Mwalimu anasema si dhambi kila mara. Joto la mgonjwa ukilichora kuanzia sifuri hutaiona homa. Ila ukichora kwa nguzo ni lazima uanzie sifuri, kwa sababu urefu wa nguzo ndio kiasi chenyewe. Na ukianzia juu, maneno yako yatoke kwenye namba, si kwenye mteremko.)

Mngedhani yameisha. Nami nilidhani, nikafungua ukurasa wa pili kwa haraka.

Mchoro wa pili ulikuwa na mikopo na faini pamoja, maana nilitaka kubana karatasi, rangi inalipiwa. Mikopo inakwenda kwa mamilioni. Faini ni makumi ya maelfu tu. Kwa hiyo mstari wa mikopo ulikuwa unacheza huko juu, na wa faini umelala sakafuni, umenyooka kama rula. Nikasoma: "Faini za uchelewaji zilibaki tulivu."

Mweka nidhamu akaruka. Yule bwana amefukuzana na wachelewaji tangu Julai, ana kidaftari chake. Julai alikusanya 12,000, Novemba 36,000. "Mara tatu, katibu! Mara tatu unaita utulivu?" Na alikuwa na haki. Kwenye mhimili unaofika milioni tatu, nyongeza ya 24,000 ni unene wa wino. Mwalimu akasema kwa upole kwamba nimefanya maajabu mawili ndani ya robo saa: kilichosinyaa kidogo nimekiporomosha, kilichokua mara tatu nimekilaza usingizi.

Halafu akaniongezea, na hili nimelibeba: "ghafla" ni neno la muda na "vibaya" ni neno la ukubwa. Akiba ilipungua kati ya mwezi mmoja na unaofuata, basi ningesema ilipungua ghafla nisingekuwa mwongo sana. Ningesema ilipungua kidogo, ningekuwa mkweli kabisa. Faini nazo zilipanda kila mwezi bila kurudi nyuma, kwa hiyo zilipanda mfululizo, na kwa ukubwa zilipanda sana.

Sasa ukurasa wa tatu. Jamani. Ningekuwa na akili ningesema wino uliisha.

Sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hapo. Niliiandika usiku, nikaisomea familia, wakapiga makofi: "Idadi ya wadaiwa sugu iliongezeka maradufu, sawa na ongezeko la asilimia 100."

Nilitaka kuiruka. Nikasema wali unapoa. Mwenyekiti akasema wali utasubiri, asilimia mia si mchezo.

"Asilimia mia ni wangapi?" akauliza mama muuza samaki, safari hii akiwa amekaa, anajipepea, ametulia, anafurahia.

Mwalimu akamjibu kwamba asilimia bila idadi ya mwanzo haisemi kitu. Kutoka 50 kwenda 100 ni asilimia mia, na kutoka mmoja kwenda wawili ni asilimia mia vilevile. "Katibu, mlianza na wangapi?"

Nikasema mmoja, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Kwa hiyo sasa ni wawili," akasema mwenyekiti. "Wa kwanza tunamjua tangu Juni. Huyu wa pili ni nani?"

Hebu nisimame hapa kidogo, maana hata nikiandika mkono unatoka jasho. Nilitazama mwembe. Nilitazama kuku. Nilimtazama mweka hazina kwa macho ya mtu anayezama, na mweka hazina wetu ni mwanamke mwaminifu, Mungu amjalie, akalamba kidole, akafunua ukurasa, akalamba tena, akafunua mwingine, akapitisha rula chini ya mstari ili asikosee, kisha akainua uso na kusema kwa adabu zote:

"Ni katibu mwenyewe."

Yaliyofuata mnayajua, sauti mmezisikia. Nililipa lile rejesho na faini yake, mchango wangu kwa ule mstari uliolala. Desemba tumevunja salama, mgawo kila mtu kapata wake, taarifa nimesoma kwenye daftari. Sentensi moja tu ya kisasa walinikubalia, baada ya mwalimu kuipitia na kunilazimisha niweke idadi: wadaiwa sugu wamepungua kwa asilimia 50, kutoka wawili hadi mmoja.

Na huyo mmoja, ambaye tangu Juni amebaki tulivu kabisa, ndiye aliyewatumia ile sauti.