Okoa 40%, Upoteze 25

Ujumbe umeingia asubuhi hii nina povu la sabuni usoni na mfereji umekauka. "Ofa yako pekee! 3GB kwa 100 badala ya 165. Okoa 40%." Yangu pekee. Jirani naye ana yake pekee, neno kwa neno.

Stima sisemi. Kodi sisemi.

Basi nafika Tom Mboya, nakuta kijana wa fulana inayong'aa, chini ya mwamvuli, anaitangaza ofa hiyo hiyo kwa spika. Nikamsogelea kwa heshima zangu zote, maana nimewahi kuwa mweka hazina wa chama.

"Kijana wangu, hizi 3GB zina nini ndani?"

"Ni 3GB, mzee. Saa 24."

Nikamteremshia ujumbe hadi kule chini, kwenye maandishi waliyoyaandikia siafu. 1.5GB ni za muda wowote. Zilizobaki ni za kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

"Saa hizo wewe hufanya nini?"

"Nalala."

"Hata mimi."

Nikachomoa biro, nikageuza risiti. Bando la kawaida, lile lisilopigiwa spika, ni shilingi 50 kwa 1GB, nalo ni la saa 24. Sasa gawa mia kwa 1.5: kila GB nitakayoitumia nikiwa macho inanitoka kama shilingi 67. Kwa bei ya kawaida hiyo 1.5GB ni shilingi 75. "Haya, 25 zangu ziko wapi?"

"Lakini mzee, ukitumia na za usiku..."

Haki yake nimpe. Mia kwa bei ya kawaida ni 2GB, kwa hivyo nikimaliza nusu GB usiku wa manane tumetoka sare. Hiyo ni karibu saa nzima ya video, mama watoto amelala pembeni na mimi nimetoa macho ndiyo nisipate hasara! Faida inaanza baada ya hapo. Na hata nikikesha nizimalize zote, 3GB kwa bei ya kawaida ni 150. Nimeokoa 50, yaani theluthi. Asilimia 40 inatoka kwa hiyo 165, bei ambayo sijamwona binadamu akiilipa.

"Nani aliwahi kulipa 165?"

Akazima spika. "Mzee, mimi nimepewa tu fulana."

Kumbe nyuma yangu watu wamesimama. Mama mmoja ananyoosha pakiti za sabuni ya unga, anataka nimpigie hesabu: hizi kumi ndogo ama ile ya kilo? Namwambia asome gramu kwanza, ananiambia miwani ameiacha Kayole. Mwingine ana swali la sukari. Mimi kazini nimeshachelewa! Tukiwa hapo mvua ikaanza, makanga akapandisha nauli mara mbili, na hakuna aliyeniomba biro.