Jibu lisiporudi, tutume tena?

Fikiria mashua za abiria za Amu kwenda Faza. Saa ya kuondoka ikibadilika lazima wajue, na mfumo wa kuwaarifu abiria kwa meseji, barua pepe na arifa za programu hauna likizo. Sisi tunaoiandika mifumo hii hukimbilia kuongeza njia za kutuma, kumbe kazi ngumu iko pale jibu lisiporudi.

Tuchukue safari moja iliyosogezwa hadi saa nne asubuhi. Seva inamkabidhi wakala wa meseji ujumbe, inangoja sekunde 10, kimya. Programu nyingi hapo huandika "imeshindwa" na kutuma tena. Lakini ukweli ni kwamba hatujui: huenda meseji ilishafika na kilichopotea ni jibu. Abiria mwenye tiketi ya kwenda na kurudi akipata meseji mbili, atadhani safari zote mbili zimeguswa.

Ndiyo maana nasema ufunguo wa ujumbe, yaani alama ya kuutambua, uandikwe kwenye hifadhidata kabla ya kutuma, na utokane na tukio lenyewe:

```
UNIQUE (safari_id, toleo, abiria_id, njia)
```

Kila saa inapobadilishwa, toleo linapanda. Wako wanaotengeneza ufunguo kutokana na maneno ya meseji, na hilo silikubali hata kidogo. Safari ikisogezwa hadi saa nne, kisha saa tano, kisha ikarudishwa saa nne, meseji ya tatu ina maneno yale yale ya kwanza. Mfumo utaizuia ukidhani ni marudio, na abiria atafika gatini saa tano, mashua imeshaondoka.

Ufunguo huo unazuia kazi moja isiingie foleni mara mbili. Kimya cha wakala haukitatui peke yake. Kama wakala anapokea ufunguo wetu, tuutume ule ule kila tunaporudia, naye atatambua kwamba ni ombi la zamani. Kama hapokei, tumuulize kwanza hali ya ujumbe. Na kama hata hilo haliwezekani, lazima tuchague: meseji ifike mara mbili au isifike kabisa. Kwa badiliko la saa, mimi nachagua mara mbili. Kwa tangazo la bei, heri lipotee.

Kurudia nako kuachiane nafasi, sekunde 2, 4, 8, na kuongezewa kidogo kwa kubahatisha ili maombi yote yasimwangukie wakala kwa pamoja. Kabla ya kila jaribio, mfumo uangalie upya mambo mawili: je, toleo hili bado ndilo la mwisho, na abiria bado anataka meseji? Ukiyaangalia wakati wa kuingiza foleni tu, meseji ya saa tano iliyokwama inaweza kufika baada ya ile sahihi ya saa nne. Nusu saa kabla ya kuondoka, mfumo uache kurudia na umpe karani wa gatini orodha ya abiria ambao meseji zao hazijathibitishwa kufika, awapigie simu.