Ijumaa saa kumi kuna nini?

Mpangaji wa fremu Kariakoo anapigiwa simu na dalali Jumanne asubuhi. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Ujumbe ni mfupi: mzee mwenye fremu amepandisha pango kutoka laki nane hadi milioni moja na laki mbili kwa mwezi, anataka ya mwaka mzima, na kuna mtu ana hela mkononi. "Ijumaa saa kumi jioni usipokuwa umeleta, mzee anampa huyo."

Watu wengi hapo hujiuliza swali moja: anadanganya au hadanganyi? Kwa maoni yangu hilo si swali la kuanza nalo, kwa sababu muda wa mwisho unaweza kuwa wa kweli huku sababu iliyotajwa ikiwa ya uongo. Huyo mwenye hela mkononi huenda hayupo kabisa, lakini Ijumaa ikawa kweli ni ngumu kwa mzee, labda ana marejesho ya mkopo au ada za wajukuu. Ukishamkamata kwenye uongo wa mteja utajiona umeshinda, kumbe Ijumaa bado ipo na bado inamuuma. Cha kutafuta ni siku hiyo ni ya nani, na ikipita inamgharimu nini aliyeiweka.

Anza na aliyeileta, yaani dalali. Malipo yake hapa mjini kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na anayapata fremu ikipata mtu mpya. Wewe ukibaki kimyakimya anaweza asiambulie kitu. Kwa hiyo haraka inaweza kuwa yake, au mzee alisema "mwisho wa wiki hivi" na dalali akaichonga ikawa saa kumi. Dawa yake si kugombana naye. Ni kwenda kwa mzee mwenyewe, au kuomba kikao ambacho dalali naye yupo, ili maneno yasemwe mara moja mbele ya wote. Muda uliotoka kwa dalali huwa unalegea kwenye kikao cha namna hiyo bila mtu yeyote kuulizwa kama alidanganya.

Kabla ya kikao fungua mkataba, utafute kifungu cha notisi na kinachosema kuhusu kuongeza muda. Kama mmeandikiana kwamba mabadiliko ya kodi yanatolewa kwa maandishi mwezi mmoja kabla, basi simu ya Jumanne yenye mwisho Ijumaa ni ombi lililovaa koti la amri. Usiende kumrushia mzee karatasi usoni. Inatosha wewe kujua, uongee kwa utulivu.

Kisha muulize, kwa heshima na kwa ufupi: "Mzee wangu, nimesikia Ijumaa. Ijumaa kuna nini?" Halafu nyamaza. Wengi huharibu hapa kwa kujaza ukimya wenyewe, wanaanza kujitetea jinsi biashara ilivyo ngumu, na mzee anaponyoka bila kujibu. Muda wa kweli huwa na mwenyewe wa nje: benki, mahakama, zabuni inayofungwa, mzigo bandarini unaoanza kutozwa gharama za kukaa. Mwenye muda wa namna hiyo hukueleza bila shida, na ukimuuliza tena kesho maelezo hayabadiliki. Wa kubuni hubadilika kila ukiuliza: leo mteja anatoka Mbeya, kesho ni mtoto wa rafiki yake, keshokutwa amelipa nusu.

Hata hivyo maelezo mazuri hayatoshi, maana wapo wanaojua kusimulia. Kipimo cha pili ni kuomba siku isogee kidogo, kwa sababu halisi, na mapema. Mwambie Jumatano, siyo Ijumaa mchana: "Hela ya mauzo naikusanya Jumapili, nipe hadi Jumatatu saa nne asubuhi." Sikiliza anavyojibu kuliko unavyosikiliza kama amekubali. Akisogeza bila kudai chochote, ile Ijumaa ilikuwa ya kutishia. Akikataa na kueleza kwa nini Jumatatu haifai, kuna kitu cha kweli nyuma yake. Jibu la tatu ndilo lenye utajiri: "Haya, lakini niletee ya miezi miwili kwanza Ijumaa, nyingine zije baadaye." Hapo amekuambia, bila kukusudia, kwamba anachohitaji ni kiasi fulani cha fedha kwa siku fulani. Wala hajamtaja tena yule mwenye hela mkononi.

Wakati huohuo tafuta ushahidi usiopitia kwa mzee wala dalali wake. Fremu inayotafutiwa mtu huacha alama: picha zake zinazunguka kwenye magrupu ya madalali ya WhatsApp, watu wanakuja kupima upana kwa macho wakijifanya wateja, majirani wanaulizwa mtaa unauzaje. Uliza madalali wengine wawili swali la wazi, bila uongo: "Mtaa huu kuna fremu inatoka mwezi ujao, na bei gani?" Majibu yatakupa vitu viwili kwa mkupuo mmoja, kama fremu yako inauzwa mgongoni kwako, na bei halisi ya mtaa. Angalia pia simu. Mtu mwenye mteja wa milioni kumi na nne na laki nne mkononi hakupigii mara tatu kwa siku kukukumbusha Ijumaa.

Vipimo hivi vyote vinaweza kukudanganya kama hujapiga hesabu yako ya kuondoka. Ndiyo sehemu inayorukwa zaidi, na ndiyo inayomfanya mtu aseme "basi mpe huyo huyo" kisha ajute.

Tuchukue kwamba umepata fremu mtaa wa nyuma kwa laki nane na nusu. Dalali atachukua mwezi mmoja, yaani 850,000. Rafu, rangi na umeme, tuseme 1,500,000. Siku 12 za kuhama bila kuuza, kwa faida ya 100,000 kwa siku, ni 1,200,000. Jumla 3,550,000. Igawe kwa miezi 12 unapata karibu 296,000. Kwa hiyo fremu ya laki nane na nusu, kwa mwaka wa kwanza, inakugharimu kama milioni moja na laki moja na arobaini na sita elfu kwa mwezi, na bado hujahesabu wateja waliozoea kukukuta palepale. Dai la mzee la milioni na laki mbili limezidi hapo kidogo tu. Mtu aliyeona hesabu hii hawezi kumcheka mzee.

Sasa kaa upande wake. Ukiondoka na fremu ikakaa tupu miezi miwili, halafu akapata mtu wa milioni moja, mwaka huo anapokea miezi 10, yaani milioni 10. Wewe ukibaki kwa laki tisa anapokea 10,800,000. Kitisho chake kina maana pale tu ambapo kweli kuna mtu wa kuingia mara moja. Ndiyo sababu ile habari ya mwenye hela mkononi ilisemwa. Na ndiyo sababu inafaa kuichunguza huko mtaani badala ya kubishana nayo.

Kwa hiyo kuna nafasi pana kati yenu, na kipimo cha mwisho ni kuweka ofa ndani yake, inayompa ile Ijumaa yake na kukupa wewe bei. "Mzee, nakuletea ya miezi sita Alhamisi, kwa laki tisa na nusu, tuandikiane mwaka mmoja bila kupanda. Ya mwaka mzima kwa milioni na laki mbili siiwezi." Ni 5,700,000, na inafika siku moja kabla ya muda aliouweka. Kama yule wa 14,400,000 yupo, mzee atakataa palepale bila hata kukaa chini, na hapo amini. Akianza kukubishia miezi sita au laki tisa na nusu, akasema angalau iwe milioni, mteja yule ama hayupo ama hajatoa kitu. Endelea kujadiliana taratibu, ukijua dari yako iko wapi.

Kuna jambo la lugha hapa. Mtu mzima akishatamka "Ijumaa au basi" mbele ya wengine, amejifunga. Ukimlazimisha airudie, au ukimwambia wazi kwamba anakutisha, unamfunga zaidi; wapo watakaompa mtu mwingine kwa hasara ili tu neno lao lisianguke. Usilirudie kama tishio. Lisemee kama shida yake: "Nimekuelewa, Ijumaa ni siku nzito kwako, ndiyo maana nimejitahidi iwe Alhamisi." Hapo ana mlango wa kutokea, na akishusha bei ataweza kusema amekuhurumia mwanawe. Mwache aseme.

Kujibu kwa muda wako wa uongo sikushauri. Ukisema nawe una fremu nyingine inayokusubiri hadi kesho, na huna, keshokutwa utakuwa bado umesimama palepale na bei yako itapanda. Muda wako wa kweli, kwa upande mwingine, utaje. Watu huuficha wakidhani ni udhaifu, kumbe majadiliano yakifa siku hiyo yamekufa kwenu wote wawili, na asiyejua anaendelea kuchelewa akiamini ana wiki nzima.

Jambo jingine ambalo haraka huharibu ni vifungu. Ijumaa saa tisa na nusu hakuna anayeuliza kama bei iliyotajwa ni kabla au baada ya kodi ya zuio, ile 10% ya pango ambayo mpangaji mfanyabiashara anatakiwa kukata na kuipeleka TRA. Hakuna anayeuliza nani analipa ushuru wa stempu wa mkataba, 1%. Kwenye 5,700,000 zuio ni 570,000, na mzee aliyetegemea kupokea hela kamili atadhani umemdhulumu. Sema mapema, Jumatano. Na usitoe "cha kushikia fremu" kwa dalali bila karatasi iliyosainiwa na mzee mwenyewe, inayotaja kiasi, tarehe, na kwamba kitahesabiwa kwenye kodi.

Ijumaa ikifika hamjaelewana, tuma ujumbe kabla ya saa kumi, usinyamaze: ofa yangu ya laki tisa na nusu iko palepale, fedha iko tayari, nipo dukani. Kisha mpigie mwenye fremu ya mtaa wa nyuma umuulize anaweza kukushikia hadi lini, na yeye naye muulize siku hiyo kuna nini.