Usiri wa mlalamikaji na haki ya mlalamikiwa: mgongano uliomo ndani ya Sheria ya Ajira ya Kenya

"Sheria inatuambia tusimtaje mfanyakazi aliyelalamika. Sheria hiyo hiyo inatuambia anayelalamikiwa asikilizwe kabla ya kufukuzwa. Tufuate ipi?"

Zote mbili zinafuatwa, kwa sababu hakuna kati yake iliyoandikwa bila mpaka. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya unyanyasaji wa kingono, iliyoandaliwa baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Sera hiyo lazima ieleze namna ya kupeleka malalamiko, na itamke kwamba jina la mlalamikaji na mazingira ya lalamiko lake hayatatolewa isipokuwa pale inapobidi kwa ajili ya uchunguzi au hatua za nidhamu. Kifungu cha 41 nacho kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu za kutaka kumwachisha kazi, kwa lugha anayoielewa, huku mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akiwepo.

Kosa hutokea pale sera inapofupishwa kuwa tangazo la ukutani lenye ahadi kwamba "jina lako halitajulikana kamwe". Mfanyakazi analalamika akiamini hivyo, wiki mbili baadaye anaambiwa kwamba msimamizi wake ataliona jina lake kwenye barua, na papo hapo anaondoa lalamiko. Wenzake wakipata habari, njia hiyo ya kulalamika imekufa. Ahadi iliyo ya kweli ni nyembamba zaidi: jina litajulikana kwa watu wachache walioorodheshwa, na mlalamikaji ataelezwa kabla halijamfikia mtu yeyote mpya.

Tuchukue mfano wa banda la kufungashia maua. Mfanyakazi wa mkataba wa miezi sita anadai kwamba msimamizi anayepanga ovataimu amemtaka kimapenzi mara tatu, na kila alipokataa jina lake lilikosekana kwenye orodha ya Jumamosi. Anayepokea lalamiko aliandike siku hiyo hiyo kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe: tarehe, mahali, kilichosemwa, nani alikuwa karibu. Kabla msimamizi hajajua lolote, ofisi ichukue nakala za orodha za zamu za miezi mitatu, taarifa za malipo na picha za kamera ambazo hujifuta zenyewe baada ya muda. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Msimamizi huitwa kwanza "ajieleze", na orodha zinapotafutwa baadaye hazionekani.

Kisha wawili hao watenganishwe. Mazoea ni kumhamisha mlalamikaji, eti kwa usalama wake, na hapo anapoteza ovataimu na wenzake wote wanasoma hamisho hilo kama adhabu. Anayepaswa kusogezwa ni mamlaka: mtu mwingine apange ovataimu na zamu, au msimamizi akae kando kwa mshahara kamili na barua inayosema wazi kwamba hiyo si adhabu. Upande wa msimamizi una hoja nzito hapa, kwani kusimamishwa kunamchafulia jina hata akija kuonekana hana kosa. Ndiyo maana muda uwe mfupi na uandikwe, na ndiyo maana kumwondolea upangaji wa ovataimu peke yake kunatosha katika kesi nyingi.

Barua ya kumtaka ajieleze itamtaja mlalamikaji. Hakuna njia ya kukwepa hilo, maana mtu hawezi kujibu tuhuma ya "Jumanne fulani, na mfanyakazi fulani". Lakini haihitaji kubeba nambari ya simu ya mlalamikaji, makazi yake wala historia yake ya matibabu. Apewe siku za kutosha kujiandaa, na maswali yake kwa mlalamikaji yapitie kwa mwenyekiti wa kikao badala ya wawili hao kukabiliana mezani. Haki ya kujibu ushahidi inabaki, nafasi ya kutisha inaondoka. Katika mfano wetu orodha za zamu zitasema mengi: kama jina lilitoka Jumamosi zile zile tatu huku wenye kasi sawa wakibaki, msimamizi ana jambo la kueleza. Na kama ovataimu ilipunguzwa kwa banda zima, hilo nalo linamsaidia.

Wengi huona sanduku la barua zisizo na jina kama jibu la hofu hii. Lina kazi, ila kazi ndogo. Barua isiyo na jina inaweza kuanzisha uchunguzi, haiwezi peke yake kumfukuza mtu. Zikija tatu juu ya msimamizi mmoja, wahojiwe wafanyakazi wote wa zamu yake kwa maswali yale yale, ili asijulikane aliyesema. Na sanduku likiwekwa chini ya kamera ya lango, litabaki tupu. Mfanyakazi anahitaji angalau mlango mmoja usiopita kwa msimamizi wake. Mwakilishi wa chama anafaa, mradi asiwe yeye yule anayemtetea msimamizi kwenye kikao. BBC ilipochunguza mashamba ya chai ya Kericho, Februari 2023, zaidi ya wanawake 70 walisema walinyanyaswa na wasimamizi wao. Pale anayegawa kazi ndiye anayelalamikiwa, ngazi ya kawaida ya malalamiko haina maana.

Waajiri wanaogopa pia malalamiko ya uongo, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kifungu cha 46 kinakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu amelalamika dhidi ya mwajiri, isipokuwa ionekane kwamba lalamiko halikuwa la kuwajibika na halikuwa na msingi. Tatizo ni sera zinazogeuza msamaha huo kuwa tishio: "lalamiko lisilothibitishwa litaadhibiwa". Kutothibitishwa si uongo. Mambo haya hutendeka pasipo shahidi, na sentensi kama hiyo inawanyamazisha wakweli kwanza. Tungeandika kwamba anaadhibiwa aliyesema uongo huku akijua, baada ya kikao chake tofauti, na kwamba mzigo wa kuonyesha hilo ni wa mwajiri.

Kisasi chenyewe mara chache huja kama barua ya kufukuzwa. Huja mkataba unapoisha na kutohuishwa, na hapo sheria inamlinda mfanyakazi kwa udhaifu, kwa kuwa mahakama kwa kawaida husema mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe. Sera ndiyo inayoweza kuziba pengo hili: kwa miezi sita baada ya lalamiko, uamuzi wa kuhuisha mkataba usifanywe na msimamizi huyo wala rafiki yake wa ofisi ya pili, sababu ziandikwe, na saa za ovataimu za mlalamikaji zilinganishwe kila mwezi na zile za kabla hajalalamika. Mwajiri atasema hii ni kazi ya ziada, na ni kweli. Lakini ulinganisho huo ni wa dakika chache kwa aliyeshika orodha ya mishahara, na unamlinda mwajiri mwenyewe akidaiwa kisasi ambacho hakukifanya.

Penye wafanyakazi chini ya 20, au pale mnyanyasaji ni mwenye kampuni, njia ya ndani haipo. Kinachobaki ni afisa wa leba, mahakama ya ajira, na polisi ikiwa tendo linaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Aliyefukuzwa isivyo haki ana miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa kupeleka lalamiko kwa afisa wa leba chini ya kifungu cha 47. Kwa hiyo kampuni ikiwa na rufaa ya ndani, tarehe ya mwisho ya miezi hiyo iandikwe kwenye barua ya kuachishwa kazi, mfanyakazi asije akamaliza muda wake akisubiri jibu la ofisi.