Neno moja ni lipi? Hesabu ya maneno kwenye majibu ya IELTS

Maagizo yanasema NO MORE THAN TWO WORDS AND/OR A NUMBER, na mtahiniwa anaandika "the car park". Amesikia sawasawa, ameandika bila kosa la tahajia, na msahihishaji akimuuliza maana yake angeieleza vizuri tu: ni mahali pa kuegesha magari. Lakini hakuna atakayemuuliza. Ameandika maneno matatu pale alipoambiwa yasizidi mawili, kwa hiyo jibu limekufa. Katika karatasi za kusikiliza na kusoma za IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hakuna nusu alama. Kila swali lina alama moja, unaipata yote au unaikosa yote.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu hapa Mombasa wengi wanaofanya mtihani huu wanatafuta bendi maalumu, yaani daraja fulani la alama, si kufaulu tu. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza anahitaji 7.0 katika kusikiliza na katika kusoma. Upande wa kusikiliza, bendi hiyo huja kwa takriban majibu 30 sahihi kati ya 40. Majibu mawili yaliyozidi neno moja moja yanaweza kumrudisha 6.5, na hapo analipa ada upya kwa jambo alilolijua.

Kwa maoni yangu, chanzo kikubwa cha kosa hili ni tabia tuliyotoka nayo shuleni. Tumezoeshwa kujibu ufahamu kwa sentensi kamili, na mwalimu alikata alama kwa anayejibu kwa mkato. IELTS inataka kinyume chake. Inataka kipande kinachokosekana tu, kikae kwenye pengo kama kigae kinavyokaa mahali pake. Kozi za tuisheni zinazompa mwanafunzi mazoezi kumi ya kusikiliza bila kumfundisha kuhesabu anachoandika zinamchosha bure.

Tuanze na swali lenyewe: neno moja ni lipi? Kanuni ya kutegemea ni ya macho, si ya sikio wala ya maana. Neno ni herufi zilizoshikana, zenye nafasi mbele na nyuma. Sisi tunaiishi kanuni hii kila siku. "Nimekuletea" ni neno moja, ingawa ndani yake mna mtendaji, wakati, mtendewa na kitenzi. Mwingereza akitaka kusema hivyo atatumia maneno manne au matano. Hatuhesabu mawazo yaliyomo, tunahesabu nafasi. Vivyo hivyo "airport" ni moja, "bus stop" ni mawili, na "post office" ni mawili, hata kama kwetu posta ni posta. Na viungo vile vidogo tusivyokuwa navyo katika Kiswahili, "a", "an" na "the", kila kimoja ni neno kamili. "And" nayo inahesabiwa.

Ugumu halisi uko kwenye maneno ambatani. Kiingereza hakina utaratibu mmoja: "seafood" imeshikana, "car park" imeachana, "part-time" ina kistari. Ukiandika "sea food" umelipasua neno, na chini ya kikomo cha ONE WORD ONLY tayari una mawili. Ni kosa lilelile la anayeandika "kwasababu" au "si taki": masikioni hakuna tofauti, kwenye karatasi ipo. Haya hayana njia ya mkato. Weka daftari la maneno ambatani unayokutana nayo katika mazoezi, uyaandike kama kamusi inavyoyaandika, na ujipime kwa kuyasikiliza, si kwa kuyasoma.

Kistari sasa. Waendeshaji wa mtihani wamelieleza wazi: neno lenye kistari linahesabiwa kuwa moja. "Part-time" ni moja, "air-conditioned" ni moja, hata "mother-in-law" yenye vistari viwili ni moja. Kwa hiyo ukiambiwa neno moja tu, "air-conditioned" inaruhusiwa bila wasiwasi. Lakini kuna ushauri unaozunguka kwamba ukizidisha maneno uyaunge kwa kistari, ati "car-park" iwe neno moja. Usiufuate. Kistari kinahesabika pale neno lenyewe linapoandikwa hivyo. Wewe huna ruhusa ya kukibuni. Tena ni hila isiyohitajika: kama jibu lingekuwa "car park", mtunzi asingekuwekea kikomo cha neno moja. Kikomo huwekwa baada ya jibu kujulikana. Ukiona jibu lako halitoshi, aidha umechukua kipande kisicho chake, au sehemu ya jibu tayari imechapishwa kwenye swali. Maneno ya kufupishwa kama "don't" hayatahiniwi kabisa, hayo yasikuumize kichwa.

Nambari ndizo zinazozua ubishi, na kisa ni ile AND/OR. Maana yake ni hii: unaweza kuandika maneno peke yake, nambari peke yake, au vyote viwili pamoja. Chini ya ONE WORD AND/OR A NUMBER, "June" inafaa, "15" inafaa, na "15 June" inafaa pia, kwa sababu ni nambari moja na neno moja. Chini ya TWO WORDS AND/OR A NUMBER unaweza kufika hadi "14 Nkrumah Road". Kisichofaa ni "the fifteenth of June", maana hapo "the", "of" na "June" peke yake ni maneno matatu, hata kabla ya kuigusa nambari.

Nambari inaweza kuandikwa kwa tarakimu au kwa maneno, na vyote hukubaliwa. Mimi nasema tarakimu, daima. Ukiandika 40 huna mahali pa kukosea, ila ukiandika kwa maneno utajikuta unatia "u" kwenye "forty" kwa sababu "four" inayo. Saa nayo iandike 7.30. Ukiandika "half past seven" umetumia maneno matatu kwa kitu cha tarakimu tatu. Nambari ya simu yenye nafasi katikati ni nambari moja, hivyo isikutishe. Na pale maagizo yanaposema ONE WORD ONLY bila kutaja nambari, acha kuwinda nambari: jibu la pengo hilo ni neno.

Tuchukue fomu fupi ya mazoezi. Mgeni anapiga simu kwenye nyumba ya wageni Kizingo, na kikomo ni maneno mawili na/au nambari. Mtahiniwa ana fomu hii mbele yake:

```
Arrival date: (1) ______
Type: a (2) ______ room
Price per night: (3) ______ shillings
Leave the car in the (4) ______
Wants to hire an (5) ______ van
```

Katika mazungumzo mgeni anasema atafika "on the fifteenth of June". Pengo la kwanza linataka "15 June". La pili, anasikika akisema "a double room". Wengi huandika "double room", wakijiambia ni maneno mawili na kikomo ni mawili. Sasa soma fomu na jibu lako ndani yake: a double room room. Hesabu haikuvunjwa, sentensi imevunjwa. Jibu ni "double". La tatu ni 4,500 na basi, kwa kuwa shilingi zimekwisha chapwa mbele yake. La nne ni "car park" bila "the", kwa sababu "the" iko pale inakutazama. La tano ni "air-conditioned", neno moja lenye kistari, na hata "an" iliyochapwa inakudokeza kwamba neno linaanza kwa sauti ya irabu.

Ukiyatazama mapengo hayo matano, ni moja tu lenye kistari. Matatu yanaharibika kwa kurudia kilichochapwa. Ndiyo maana naona ubishi wa kistari umepewa muda mwingi mno madarasani, na kusoma maneno ya kushoto na kulia ya pengo kumepewa mdogo mno.

Katika kusoma, mambo ni mepesi kidogo kwa sababu neno liko mbele ya macho. Maagizo hutaka maneno yatoke ndani ya matini yenyewe, kwa hiyo nakili herufi kwa herufi, na kistari kama kilivyo. Tuseme matini inaeleza nyumba za Mji wa Kale na ina sentensi hii: "The coral-rag walls were coated with lime plaster." Swali likiwa Walls were covered with ______ na kikomo maneno mawili, jibu ni "lime plaster". Kikomo kikiwa neno moja, swali litabadilika sura, kwa mfano The plaster on the walls was made from ______, na jibu ni "lime", yaani chokaa. Usibadilishe wingi kuwa umoja, wala usilete kisawe chako hata kiwe kizuri namna gani.

Jambo la mwisho ni wakati wa kuhesabu. Kikomo hubadilika kutoka kundi moja la maswali hadi lingine, hata ndani ya sehemu moja. Maswali ya 1 hadi 6 yanaweza kuruhusu maneno mawili na ya 7 hadi 10 neno moja tu. Unapopewa muda wa kutazama maswali, zungushia kikomo cha kila kundi kwa penseli kabla ya sauti kuanza. Kwenye mtihani wa karatasi, kusikiliza kuna dakika 10 za kuhamishia majibu, na hapo ndipo pa kuhesabu: kidole juu ya kikomo, jicho juu ya jibu, moja baada ya jingine hadi 40. Kwenye kompyuta una dakika 2 tu za kupitia, kwa hiyo hesabu ifanyike wakati ule ule unapoandika. Kusoma hakuna dakika za kuhamisha hata kidogo, majibu yaingie kwenye karatasi ya majibu ndani ya zile 60. Ukikuta jibu limezidi, anza kuondoa "a" na "the", kisha ondoa kilichochapwa tayari kwenye swali. Likizidi bado, rudi ulisome pengo upya, maana hapo tatizo si hesabu, ni kwamba umeshika jibu la mahali pengine.